Ukumbi wa watu 600 unaingiza wangapi siku ya harusi?

*"Tunafunga ndoa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka mwakani, hapa Mbeya. Kuna ukumbi maeneo ya Uyole umetangaza hivi: 'Wachumba wote karibuni muutembelee ukumbi wetu Jumamosi na Jumapili hii, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni. Unachukua watu 600. Vifurushi kuanzia sh. 4,500,000. Weka nafasi kwa kianzio cha asilimia 30, hakirudishwi. Atakayelipa wikendi hii punguzo la asilimia 10.' Kadi zetu ni 200: 160 za dabo na 40 za singo. Mkononi tuna sh. 2,800,000, ahadi za kamati ni milioni 14. Mama mkwe anasema tulipe haraka, tarehe itachukuliwa. Tuangalie nini, na je, tulipe?"*

Mdogo wangu, nendeni mkauone. Kuona ni bure, gharama yake ni nauli ya kwenda Uyole tu. Ila mwende na futi kamba, kalamu na mtu mmoja asiyependa kusifia vitu, na hela ya kianzio ibaki kwa mweka hazina wa kamati mpaka myajue mambo mawili: ukumbi unaingiza wangapi kwa namna mnavyotaka wageni wakae, na nini kinatokea kwa pesa yenu harusi ikisogezwa.

Hiyo 600 kwa kawaida si uongo. Ni idadi ya viti vikipangwa safu kwa safu kutazama mbele, kama kwenye semina au mkutano wa injili. Kwa mpangilio huo mtu mmoja anahitaji chini kidogo ya mita moja ya mraba, njia zikiwemo. Mwenye ukumbi anachukua sakafu yote, anagawanya, anapata namba yake na kuiweka kwenye tangazo. Harusi haikai hivyo. Harusi ina jukwaa la maharusi, ina sehemu ya kucheza na kupanga foleni ya zawadi, ina njia ya katikati ambayo bibi harusi atapita na gauni lake na watoto wa maua nyuma, ina bufee, ina dijei na spika zake, ina watu wa kamera. Vyote hivyo vinakaa juu ya sakafu ileile iliyohesabiwa viti.

Njia rahisi ya kupima bila kumuudhi mtu ni kuhesabu marumaru. Kumbi nyingi za siku hizi zimewekwa marumaru za sentimita 60 kwa 60, nyingine 40 kwa 40. Pima moja kwa futi, kisha hesabu zilizobaki ukitembea polepole kama unayetazama mapambo. Tuseme umehesabu marumaru 50 za sentimita 60 kwa urefu na 30 kwa upana. Hiyo ni mita 30 kwa 18, yaani mita za mraba 540. Ukigawa kwa 0.9 unapata 600, na hapo unajua namba ya tangazo imetoka wapi.

Sasa toa vitu vya harusi. Jukwaa la maharusi na wasimamizi wao, pamoja na mapambo ya nyuma, litakula kama mita za mraba 60. Sehemu ya kucheza na kutoa zawadi, mita 10 kwa 6, nyingine 60. Msiibane hiyo, maana huku kwetu shangazi hawaji kukaa, wanakuja kuingia na zawadi wakicheza, na kundi la watu 40 lenye vitenge na magodoro halipiti kwenye upenyo. Njia ya katikati mita 2 kwa 20 ni 40. Bufee yenye foleni pande mbili, 30. Dijei, spika na kamera, 10. Jumla 200. Zimebaki 340.

Meza ya duara ya watu 10 ina kipenyo cha karibu mita 1 na sentimita 80. Viti vikivutwa nyuma na mhudumu akipata pa kupita na sinia, meza moja inataka kama mita za mraba 12. Gawa 340 kwa 12 na unapata meza 28, yaani watu 280. Ukumbi uleule ukiweka viti vitupu bila meza, kwa mita 0.8 kwa kila mtu, unaingiza 425. Kwa hiyo ukumbi mmoja una namba 3 tofauti, 600, 425 na 280, na tangazo limechagua ile kubwa.

Kadi zenu, dabo 160 na singo 40, ni watu 360. Kama ukumbi huo una vipimo vya mfano wangu, meza za duara kwa wote haziwezekani, na mpambaji atakayewaambia "tutabana tu" ndiye huyohuyo atakayeanza kutoa meza mlangoni saa 12 jioni wageni wakiwa wamesimama. Ninachopendekeza mimi kwa idadi kama yenu ni kuchanganya. Meza 15 za duara mbele na pembeni kwa wazazi, wazee, wachungaji na wageni waliotoka mbali. Hizo zitachukua mita 180 na kukalisha watu 150. Mita 160 zinazobaki wekeni viti vitupu vya vijana na marafiki, vitaingia 200. Jumla 350, na kwa kuwa si kila kadi ya dabo huja na watu wawili, mtakuwa salama. Vijana kula sahani ikiwa mkononi hakujawahi kuvunja harusi. Kama mama mkwe anataka kila mgeni awe na meza, basi ama kadi zipungue, ama mtafute ukumbi mkubwa zaidi, na ni vizuri alisikie hilo sasa kuliko wiki ya mwisho.

Kuna swali moja la kuuliza mkiwa pale ambalo tangazo halitalijibu: bufee inakaa ndani au nje? Kumbi kadhaa hupata nafasi kwa kuweka chakula nje chini ya turubai. Julai au Agosti ni sawa. Harusi yenu itakuwa Aprili, na Aprili hapa Mbeya masika bado yapo. Mtakuwa na wageni 360 wanaotoka na sahani tupu kwenye mvua na kurudi na wali uliopoa. Kwa tarehe yenu mimi ningekubali bufee ya ndani tu.

Mvua hiyohiyo ndiyo sababu ya kuinua macho juu. Tazama kama kuna dari, au ni bati tupu lililofichwa kwa vitambaa vya mapambo. Mvua ikipiga kwenye bati lisilo na dari, mshereheshaji hasikiki hata kwa spika kubwa, na hotuba ya baba inapotea. Halafu inama utazame chini ya kuta, hasa nyuma ya mapazia: mstari wa rangi iliyobabuka au alama za maji ya kahawia hukuambia maji huingia wapi. Ukitoka nje, tembea kutoka lami hadi mlangoni kwa miguu. Barabara ya vumbi unayoiona leo, Aprili itakuwa tope, na gari la maharusi lenye maua halitaki kusukumwa.

Mengine nitayapita haraka. Milango ya dharura iwe angalau miwili, ifunguke kuelekea nje, na muulize kama wana cheti cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hesabu vyoo vya wanawake. Vikiwa vitatu kwa watu 360, foleni itakuwa ndefu kuliko ya bufee. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Waombe wawashe jenereta mbele yenu, msikubali kuonyeshwa tu ilipo. Na kama mnaweza, rudini siku nyingine wakati mpambaji yuko kazini kwa harusi ya watu wengine, mkae dakika 10 mlangoni. Ukumbi wenye meza zake halisi hukuonyesha mengi kuliko uliosafishwa kwa ajili ya wageni wa kutazama.

Kuhusu vifurushi, neno la kuliangalia ni "kuanzia". Hiyo 4,500,000 inaweza kuwa ukumbi mtupu, inaweza kuwa bei ya siku za katikati ya wiki, inaweza kuwa bila VAT. Msilinganishe vifurushi kwa majina yao ya dhahabu na almasi. Waombeni wawaandikie bei ya harusi yenu: Jumamosi ya Aprili, watu 360, wahudumu na wapiga picha 25 wanaokula pia, mpambaji kuingia saa 12 asubuhi, sherehe kuisha saa 6 usiku. Karatasi hiyo ioneshe viti, meza, vitambaa, mafuta ya jenereta, usafi, walinzi, tozo ya kuingiza vinywaji vya nje, na bei ya kila saa mtakayozidisha. Hiyo saa ya mpambaji kuingia msiiache. Kama Ijumaa usiku kuna sendofu ya watu wengine humohumo, mpambaji wenu atakuta ukumbi umejaa chupa, na maharusi watafika kabla maua hayajakaa.

Kifurushi chenye chakula huwa na idadi ya chini mtakayolipia hata watu wasipofika. Tuseme sahani ni sh. 20,000 na idadi ya chini ni 400. Wakija wageni na wahudumu 320, mtalipia sahani 80 ambazo hakuna aliyekula, sh. 1,600,000. Idadi ya chini inajadilika kuliko bei ya sahani, kwa hiyo hapo ndipo mtumie nguvu zenu za kuomba. Kwa kadi 200 ningeomba ianzie 300, na idadi kamili itajwe siku 7 kabla.

Sasa kianzio. Mama mkwe ana hoja na msimpuuze. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo wachumba wote waliosubiri wiki hizo hukimbilia Jumamosi chache baada ya Pasaka. Jumamosi yenu ni ya kugombaniwa kweli. Wenye ukumbi nao wana haki ya kutaka pesa ya kushika tarehe: wakiwafungia kitabu kwa miezi 6 halafu mkajitoa wiki 3 kabla, Jumamosi hiyo hawaiuzi tena. Kianzio kinafidia hasara hiyo, na ndiyo maana kutorudishwa kwake peke yake hakunishtui. Ninachokitazama ni kama kiasi kinalingana na hasara, na kama kuna tofauti kati ya kujitoa miezi 5 kabla, wakati tarehe bado inauzika, na kujitoa wiki ya mwisho.

Lakini angalia pia jambo hili. Ukumbi ambao Jumamosi zake zinasemekana kugombaniwa umepata Jumamosi nzima na Jumapili nzima za kuonyesha watu sakafu tupu. Huenda ni mpya, huenda ni msimu mkavu wa harusi. Vyovyote vile, pigeni simu leo muulize kwa utulivu: tarehe yetu ina watu wangapi walioiulizia, na kuna aliyelipa? Mkifika, ombeni muone kitabu cha tarehe kwa macho yenu.

Punguzo la asilimia 10 kwenye 4,500,000 ni sh. 450,000. Ili kulipata mtaweka asilimia 30 ya 4,050,000, yaani sh. 1,215,000, pesa isiyorudi, kutoka kwenye 2,800,000 mliyonayo. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya pesa yote iliyo mkononi. Ile milioni 14 ni ahadi, na ahadi za kamati hufika kwa kuchelewa, nyingi wiki za mwisho, nyingine kamwe. Mkataba wa ukumbi uandikeni kwa kutazama fedha iliyofika.

Kabla ya kulipa hata senti, swali la kwanza ni la kanisani. Je, mchungaji au padre ameishaiandika tarehe na saa yenu kwenye kitabu chake? Kama bado, ukumbi usubiri. Nimeona wachumba wenye ukumbi wa Jumamosi moja na kanisa la Jumamosi nyingine, na kanisa ndilo halisogei.

Kama kanisa limethibitisha, sakafu inawatosha na karatasi ya bei inaeleweka, bado kuna njia ya katikati ambayo wenye kumbi wengi huikubali wakiombwa kwa adabu. Wapeni kiasi kidogo, tuseme sh. 300,000, kushika tarehe kwa siku 14, kwa maandishi kwamba kitahesabika ndani ya kianzio na kwamba punguzo la wikendi hii linabaki. Ndani ya siku hizo kamati inakaa kikao, mkataba unasomwa, mpambaji anakwenda kupima. Mkishindwa kuendelea mmepoteza laki 3, si milioni 1 na zaidi. Wakikataa kabisa njia hii, na mmeupenda ukumbi kwa vipimo na siyo kwa taa, basi kulipa asilimia 30 siyo wazimu, ila mlipe baada ya kuingiza vipengele vifuatavyo kwenye mkataba.

Kipengele kikubwa kuliko vyote ni cha kuahirisha. Kwetu harusi chache huvunjika. Nyingi zinazokwama hukwama kwa sababu ya msiba. Akifariki baba mdogo Jumatano, hakuna anayecheza muziki Jumamosi. Andikeni kwamba msiba wa familia, ugonjwa mzito au zuio la serikali vinawapa haki ya kuhamisha tarehe mara moja ndani ya miezi 12, na pesa yote iliyolipwa inahama nayo. Mwenye ukumbi anayeishi Mbeya anaelewa msiba, na mara nyingi atakubali, lakini akubali sasa kwa kalamu, maana siku ya msiba mtakuwa mnaongea na meneja mwingine.

Cha pili ni ngazi za kurudishiwa. Kwa mfano: mkijitoa zaidi ya siku 90 kabla, wanabaki na laki 3 tu, kati ya siku 90 na 30, nusu ya kianzio, chini ya siku 30, kianzio chote. Cha tatu ni upande wao: wakiiuza tarehe yenu mara mbili au jengo likashindwa kutumika, wanarudisha kila kitu ndani ya siku 7 na kubeba gharama ya kuwahamishia ukumbi wa kiwango kilekile.

Watu wengi huamini kwamba neno "hakirudishwi" likishaandikwa, sheria imefunga mlango. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa kwa kuuvunja, aliyeumia hupata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake kiasi kilichoandikwa ni kikomo, na mwenye ukumbi hana uhakika wa kukipata chote. Ila msilitegemee sana. Kianzio cha wastani kilichokubaliwa kushika tarehe mara nyingi hubaki kwa aliyekipokea, na kesi ya milioni 1 inaweza kuwachosha kuliko thamani yake. Kama jumla ya mkataba, chakula kikiwemo, inavuka milioni 8 au 10, mpelekeeni wakili aliye mjini ausome ana kwa ana kabla ya kusaini. Ada ya kusoma mkataba ni ndogo ukilinganisha na mnachokihatarisha, na mimi kwa maandishi ya hapa siwezi kuuona mkataba wenyewe.

Mkilipa, lipeni kwa akaunti ya benki au Lipa namba yenye jina la biashara linalofanana na lililo kwenye mkataba. Kijana wa mapokezi akitoa namba yake binafsi kwa sababu "mfumo unasumbua leo", mwambieni mtasubiri mfumo upone. Daini risiti ya EFD hapohapo, yenye jina la bwana au bibi harusi, siyo la mjumbe wa kamati, kwa sababu kamati huvunjwa na watu hugombana. Kisha ombeni jina lenu liandikwe kwenye kitabu cha tarehe mkiona, mpige picha ukurasa huo.

Nendeni Jumapili, siyo Jumamosi. Jumamosi mtakuta wachumba wengi na haraka nyingi. Jumapili mchana baada ya ibada meneja ana muda wa kujibu, na mtakuwa mmeshaongea na mchungaji asubuhi. Mchukueni na mama mkwe, mpeni yeye kazi ya kuhesabu marumaru.